UZI: Mwajiri anataka ankara au taarifa ya pango kutoka kwa mwenye nyumba ili alipe posho ya nyumba. Naombaje, na iandikweje?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za kazi. Nimepanga Tabata, pango ni 450,000 kwa mwezi na nalipa miezi sita sita. Mkataba ni wa mwaka mmoja, 1 Januari hadi 31 Desemba. Kazini wameanzisha posho ya nyumba na barua ya utumishi inasema hivi: "Wasilisha ankara au taarifa ya pango kutoka kwa mwenye nyumba pamoja na nakala ya mkataba." Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, yuko Moshi. Hana ofisi wala kitabu cha risiti, na pango huwa namtumia kwa simu. Nilipogusia suala la ankara akasema yeye si duka. Nataka nimwombe vizuri bila kumtia hofu, na karatasi isirudishwe na uhasibu. Inatakiwa kuwa na nini?

Kijana_wa_Ubungo
Chukua kitabu cha risiti cha stationari, jaza, mpe asaini. Kwisha.

Mhasibu_Mzoefu
Kijana, risiti si ankara, na ndipo watu wengi wanaporudishiwa. Ankara inadai pesa ambayo haijalipwa. Risiti inathibitisha pesa iliyokwisha lipwa. Taarifa ya pango inaonyesha mtiririko: mwezi gani, ulilipa kiasi gani, tarehe ipi, umebakiza nini.

Mpangaji, kabla hujampigia mzee, rudi utumishi uwaulize swali moja tu: pesa inaingia akaunti ya nani? Barua yao imechanganya mambo mawili, na jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia umwombe mzee karatasi gani.

Kama posho inaingia kwenye mshahara wako kila mwezi, wanachotaka ni uthibitisho kwamba kweli umepanga na pango ni kiasi hicho. Mkataba na taarifa fupi ya pango vinatosha. Kama unalipa wewe halafu wanakurudishia, wanataka risiti au taarifa yenye tarehe za malipo, na ankara hapo haiwasaidii kitu. Kama wanamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, ndipo wanahitaji ankara hasa, imeandikwa kwa jina la kampuni, ina TIN ya mwenye nyumba na akaunti yake ya benki. Njia hii ya tatu ina jambo jingine ambalo lazima mzee alijue mapema, nalo ni kodi ya zuio.

Mpangaji_Tabata
Nimewauliza. Wanamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, miezi sita kwa mkupuo, kuanzia 1 Julai. Kodi ya zuio ndiyo ipi tena?

Mhasibu_Mzoefu
Kampuni ikilipa pango inatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kwa pango lako hesabu iko hivi: 450,000 mara miezi 6 ni 2,700,000. Asilimia 10 ni 270,000. Kwenye akaunti ya mzee itaingia 2,430,000.

Mzee asipoambiwa kabla, ataona 2,430,000 na atakupigia simu kwamba unadaiwa 270,000. Hudaiwi. Kisheria kilichozuiwa kinahesabiwa kuwa amelipwa yeye, ila kimekwenda TRA kwa jina lake. Ushahidi wake ni cheti cha kodi ya zuio ambacho kampuni inapaswa kumpa. Kwa hiyo omba uhasibu wakupe nakala ya cheti mara tu kinapotoka, umpelekee mwenyewe. Usisubiri wakitume Moshi, maana cheti kisipomfikia, kwake hiyo ni pesa iliyopotea.

Na usiwaombe uhasibu wasikate ili kumridhisha mzee. Kampuni isipozuia, TRA inaidai kampuni yenyewe. Hawatakubali.

Mama_Vyumba_Kumi
Niongee upande wetu wenye nyumba, maana humu tunaonekana wakaidi. Pango la miezi sita mara nyingi limeshapangiwa kazi kabla halijaingia: ada za shule, bati, matibabu. Ukimkata mtu asilimia 10 ambayo hakuitarajia, lazima agome. Mpangaji anayekuja na karatasi ya "kampuni yetu inataka" bila kutaja makato anaharibu uaminifu wa miaka. Mwambie mzee tangu mwanzo kwamba atapokea 2,430,000 na cheti cha 270,000, halafu muache afikiri siku mbili tatu.

Kuna wenye nyumba watakaosema, "mimi nataka 2,700,000 mkononi, hayo makato ni yenu." Hapo pango lenyewe linabidi lipande, na mpangaji ajue linapanda kwa kiasi gani.

Mhasibu_Mzoefu
Mama umenena. Na hesabu ya kupandisha huwa inakosewa. Watu wanajumlisha 270,000 juu ya 2,700,000 wanapata 2,970,000. Ukikata asilimia 10 ya hiyo, mzee anapata 2,673,000, bado pungufu ya 27,000. Inayotakiwa ni 2,700,000 kugawanya kwa 0.9, ambayo ni 3,000,000. Kata 300,000, zinabaki 2,700,000 kamili. Maana yake pango kwenye mkataba liwe 500,000 kwa mwezi. Mwajiri akishaweka kikomo cha posho cha 450,000, hizo 50,000 zitatoka mfukoni mwako au mzee ameze makato. Hilo ni la kuelewana kabla ankara haijaandikwa.

Kijana_wa_Ubungo
Si bora mzee aandike tu ankara ya 500,000 na mkataba ubaki wa 450,000? Kampuni haitajua.

Mhasibu_Mzoefu
Itajua, maana kitu cha kwanza kinachofanyika mezani ni kulaza ankara kando ya mkataba. Zaidi ya hapo, ankara yenye kiasi tofauti na mkataba ni udanganyifu wa kujipatia pesa, na anayefukuzwa kazi ni mpangaji, si mzee. Pango likibadilika, andikeni nyongeza ya mkataba, msaini wote wawili, itajwe kiasi kipya na tarehe kinapoanza. Ukurasa mmoja unatosha.

Mwalimu_Singida
Samahani, na sisi watumishi wa umma posho ya nyumba tunaombaje? Mkuu wa shule anasema hatuna.

Mama_Vyumba_Kumi
Mwalimu, huku ni kampuni inayomlipa mwenye nyumba. Yako inafuata waraka wa utumishi na cheo chako, si karatasi ya mwenye nyumba. Fungua uzi wako, watakuja wenye kujua.

Mpangaji_Tabata
Asanteni. Sasa naomba namna ya kumwandikia mzee, na sura ya ankara yenyewe. Hataiandika yeye, hilo nina uhakika.

Dada_Utumishi
Hapa ndipo kazi yangu ilipo. Si kosa wewe kuichapa na yeye kuisaini, ilimradi aisome na akubaliane na kila kilichomo. Kosa ni kumsainia.

Kwanza mpigie simu, umsalimie, umweleze. Ujumbe uende baada ya simu. Ujumbe wa ghafla wenye neno TIN unatisha. Unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Kama tulivyoongea kwenye simu, kuanzia Julai kazini watakulipa wao pango langu la miezi sita. Wanaomba ankara yenye jina lako, TIN yako na akaunti yako ya benki. Nimeiandaa, nakutumia uisome. Kiasi ni kilekile cha mkataba, 2,700,000. Watazuia asilimia 10 ya TRA, yaani 270,000, kwa hiyo itakayoingia ni 2,430,000, nami nitakuletea cheti cha hiyo 270,000. Kama kuna kitu hakiko sawa niambie nirekebishe kabla hujasaini. Ahsante mzee."

Na ankara:

ANKARA YA PANGO
Namba: 01
Tarehe: ……
Kutoka: jina kamili la mwenye nyumba, TIN ……, simu ……
Kwenda: jina la kampuni, anwani
Mpangaji: jina lako kama lilivyo kwenye mkataba
Nyumba: namba ya kiwanja na kitalu, mtaa, kata, Dar es Salaam
Maelezo: pango la makazi, 1 Julai hadi 31 Desemba, miezi 6 kwa 450,000
Jumla: shilingi 2,700,000 (milioni mbili na laki saba)
Malipo yafanyike: benki, tawi, jina la akaunti, namba ya akaunti
Saini ya mwenye nyumba ……

Usiweke makato ndani ya ankara. Jumla ibaki 2,700,000, uhasibu ndio wanaokata wanapolipa. Nimeona ankara za 2,430,000 zikikatwa tena asilimia 10 kwa sababu aliyeandika alidhani anasaidia.

Angalia sana tarehe za kipindi. Ukiandika "1 Julai hadi 1 Januari" umeshika siku ya kipindi kinachofuata, na ankara ijayo ikianza 1 Januari mfumo utakataa kwa kuwa siku hiyo imeshalipwa. Kingine, dhamana ya nyumba, maji, taka na ulinzi visimezwe ndani ya pango. Kama mwajiri analipa pango tu, viache kabisa. Kama analipa na vingine, kila kimoja kiwe na mstari wake.

Mzee akichapishiwa karatasi huko Moshi, asaini kwa kalamu ya bluu, aipige picha mchana, karatasi ikiwa imelala mezani na pembe zote nne zinaonekana. Ikipatikana mashine ya kuskani ni bora. Nakala halisi ije kwa basi baadaye, uhasibu wengi hukubali picha kuanza nayo kazi. Ikikosewa kitu, ichapwe upya. Karatasi iliyofutwa kwa wino mweupe hairuki meza ya kwanza.

Ajenti_Nairobi
Hujambo ndugu zangu. Huku Kenya mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe nyumba au akulipe pesa ya kutosha kwa kodi ya nyumba, kwa hivyo mara nyingi hiyo marupurupu iko tu kwenye hati ya mshahara na hakuna anayekuuliza karatasi ya landilodi. Landilodi naye analipa KRA asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba anayokusanya, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kama mapato yake ya kodi ya nyumba kwa mwaka ni kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15. Kwa nini mpangaji ahangaike hivi huko kwenu?

Mhasibu_Mzoefu
Karibu ndugu. Hata huku, posho ikiingia kwenye mshahara hakuna hangaiko. Huyu mwajiri wake ameamua kumlipa mwenye nyumba mwenyewe, ndiyo maana karatasi zimekuwa nyingi.

Kijana_wa_Ubungo
Lakini kuna faida. Mwajiri akilipa mwenye nyumba moja kwa moja, posho haikatwi PAYE. Ndiyo sababu kampuni zinafanya hivyo.

Mhasibu_Mzoefu
Una nusu ya ukweli. Nusu nyingine itamuumiza mtu.

Kuna kanuni maalumu ya nyumba anayopewa mfanyakazi na mwajiri. Unachukua bei ya soko ya pango, unailinganisha na kile kilicho kikubwa kati ya asilimia 15 ya mapato ya mfanyakazi na gharama ambayo mwajiri ameidai kama matumizi kwenye hesabu zake za kodi. Kidogo kati ya pande hizo mbili ndicho kinachoongezwa kwenye mapato ya mfanyakazi.

Chukua mtu wa mshahara wa 1,800,000 na nyumba ya 450,000. Asilimia 15 ya mshahara ni 270,000. Kampuni ya biashara inadai 450,000 yote kama gharama, kwa hiyo kikubwa ni 450,000, na bei ya soko nayo ni 450,000. Kinachotozwa ni 450,000, sawasawa na kama angepewa taslimu. Kwa kuwa mshahara wake umeshavuka milioni moja kwa mwezi, yote inaangukia asilimia 30, yaani 135,000. Hakuna alichookoa. Mwajiri asiyedai gharama hiyo kwenye kodi, kwa mfano taasisi isiyolipa kodi ya mapato, hapo kinatozwa 270,000 tu, na PAYE yake ni 81,000. Tofauti ni 54,000 kwa mwezi.

Na yote hayo ni pale mwajiri ndiye aliyepanga nyumba na kukuweka ndani. Mkataba ukiwa wa jina lako, kama wa Mpangaji, mwajiri amekulipia deni lako, na hiyo inahesabiwa kama pesa yako kamili. Mpangaji, uliza utumishi watakavyoiweka kwenye hati ya mshahara, usije ukashtuka Julai.

Wakili_Kinondoni
Hapo kwenye jina la mkataba ndipo ninapopata shaka na makato yenyewe. Mkataba ni wa mfanyakazi, mtu binafsi anayeishi tu. Anayelipa pango kisheria ni yeye, kampuni ni mkono wake. Kuna hoja kwamba kampuni haipaswi kuzuia kwa pango ambalo si lake.

Mhasibu_Mzoefu
Hoja ipo, wakili. Lakini pesa imetoka akaunti ya kampuni, vocha imeandikwa pango, na mkaguzi wa TRA ataanzia hapo. Sijaona mhasibu anayeiachia.

Wakili_Kinondoni
Kuzuia kwa tahadhari na kuzuia kwa sababu sheria inalazimisha ni vitu viwili. Nasimama hapo. Kwa Mpangaji lakini matokeo ni yaleyale: mwajiri akisema anakata, mzee aambiwe.

Niongeze la ushuru wa stempu, maana mwajiri ataomba mkataba. Ushuru wa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Pango la mwaka hapa ni 5,400,000, ushuru ni 54,000, na unalipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Waajiri wengine hawauangalii, wengine wanaurudisha siku hiyohiyo. Nenda TRA ukafanyiwe makadirio, utapewa namba ya malipo, lipa benki au kwa simu, ambatanisha risiti.

Mpangaji_Tabata
Nimempigia mzee leo. Kwa makato ameelewa, kasema mradi cheti kije. Kuna mawili yamebaki. TIN hana. Na akaunti ya benki anayotumia ni ya binti yake.

Dada_Utumishi
TIN inatolewa bure. Anaweza kuomba mtandaoni kwa namba yake ya NIDA, au aende ofisi ya TRA Moshi na kitambulisho. Asimlipe mtu wa pembeni. Aeleze kwamba ana mapato ya pango. Bila TIN uhasibu hawawezi kuingiza kodi ya zuio kwa jina lake, na cheti hakitatoka.

Mama_Vyumba_Kumi
Mzee anaogopa TIN kwa sababu anadhani ndiyo inayoleta kodi. Mapato ya pango yanatozwa kodi hata kabla hajawa na TIN. Tofauti ni kwamba akiwa nayo, ile 270,000 ina jina lake. Mweleze hivyo taratibu, na usimwahidi kwamba hataulizwa kitu TRA, kwa sababu ataulizwa.

Mhasibu_Mzoefu
La akaunti ndilo gumu zaidi. Jina la kwenye ankara, TIN, mkataba na akaunti vinatakiwa viwe vya mtu mmoja. Vikiachana, uhasibu wanaona njia ya kutorosha pesa. Wakikubali, wataomba barua ya mzee inayosema pango la nyumba fulani, kipindi fulani, lilipwe kwenye akaunti ya binti yake, imesainiwa, ina nakala za vitambulisho vya wote wawili, na imeshuhudiwa na wakili. Kodi ya zuio bado itaingia kwenye TIN ya mzee, si ya binti. Uhasibu wengi watakataa hata hiyo barua. Njia fupi ni mzee afungue akaunti yake.

Bi_Hadija_Temeke
Na kama mwenye nyumba alishafariki, tunalipa kwa mtoto mkubwa?

Wakili_Kinondoni
Bi Hadija, ukubwa hautoshi. Anayesaini ankara ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na aambatanishe barua ya usimamizi. Ankara iandikwe "msimamizi wa mirathi ya marehemu" na jina. Mwajiri akimlipa mtoto asiye msimamizi, warithi wengine wanaweza kuja kudai pango lilelile, na wewe ndiye uliye ndani ya nyumba.

Bi_Hadija_Temeke
Na wakiwa bado hawajaenda mahakamani?

Wakili_Kinondoni
Basi mwombe mwajiri akulipe posho kwenye mshahara kwa kipindi hicho, na wewe uendelee kulipa pango kwa njia yenye kumbukumbu, benki au simu, ukitunza taarifa ya miamala. Ankara isiandikwe na mtu yeyote mpaka msimamizi apatikane.

Mpangaji_Tabata
Mzee amekubali kufungua akaunti wiki ijayo, binti atampeleka TRA siku hiyohiyo. Mkataba wangu haujalipiwa ushuru wa stempu na siku 30 zimepita zamani. Adhabu inahesabiwaje?

Wakili_Kinondoni
Peleka mkataba halisi TRA, wataipiga hesabu palepale pamoja na zile 54,000. Fanya hivyo kabla hujawasilisha ankara, maana vitakaguliwa pamoja.